Kordi fupi zinachelewa na kugongana, niguse wapi kwenye ENV 1?

Kordi_Tatu:
Wakuu, salaam. Natengeneza biti ya taratibu, tempo 100, kwa Vital. Nimeweka sauti ya nyuzi, pana na laini, ambayo nikiibonyeza na kuishikilia inanoga kweli. Shida ni pale napopiga kordi fupi za nusu pigo kwenye nafasi kati ya kiki. Zinatoka dhaifu, kama zimechelewa, na nikihama F kwenda G inakuwa tope tupu. ENV 1 iko hivi: ATTACK sekunde 0.5, DECAY 1, SUSTAIN karibu na juu kabisa, RELEASE 1.2. Niguse wapi?

Waya_Mwekundu:
Hiyo ni bafa ya kadi ya sauti mkuu. Ishushe, kuchelewa kutaisha.

Kordi_Tatu:
Piano kwenye projekti hiyo hiyo inaingia kwa wakati. Hata noti nilizochora kwa mausi, bila kugusa kinanda, zinachelewa.

Mama_Besi:
Basi bafa iachwe. Shusha SUSTAIN mpaka robo, maana ndiyo inayopanga sauti ikae muda gani. Na RELEASE ipunguze, hiyo ndiyo tope lako.

Mzee_Filta:
Mama_Besi kwenye RELEASE kapatia. SUSTAIN ndipo naposita: hiyo siyo muda, ni kiasi cha sauti kinachobaki wakati kidole bado kiko chini. Ukishikilia kwa dakika nzima, itakaa dakika nzima. Hizo tatu nyingine ndizo za muda.

Sasa Kordi_Tatu, piga hesabu. Tempo 100, pigo moja ni sekunde 0.6, kwa hiyo kordi yako inaishi 0.3 tu. ATTACK inataka 0.5 kufika kileleni. Unaachia sauti ikiwa bado inapanda, imefika kama asilimia 60, na hapo hapo inageuka kuingia RELEASE. DECAY na SUSTAIN hazijaguswa kabisa, ndiyo maana hata ukizizungusha hutasikia tofauti kwenye kordi hizi.

Kisha ule mkia wa 1.2 ni mapigo mawili. C iliyo ndani ya kordi ya F bado inalia wakati B ya kordi ya G imeshaingia, na hizo mbili zimetengana nusu toni. Masikio lazima yalalamike. Ila kwanza zima REVERB usikilize. Mkia ukiondoka nao, ujue RELEASE unaionea.

Jaribu ATTACK 0.03, DECAY 0.2, SUSTAIN asilimia 70, RELEASE 0.2. Kordi inafika juu mara moja, inashuka kidogo, inatulia, na mkia unaisha kabla ya kordi inayofuata, maana kati yao una 0.3 za kimya.

Nyota_ya_Kinanda:
Samahani naingilia. Mimi natumia plagini ya sura ya Minimoog, ina vitufe vya ATTACK, DECAY na SUSTAIN tu. RELEASE yangu iko wapi?

Mzee_Filta:
Ndivyo ile mashine ilivyoundwa. Tafuta swichi ya DECAY. Ukiiwasha, muda wa DECAY unatumika pia baada ya kuachia. Ukiizima, sauti inakatika ukiinua kidole. Kwa hiyo mkia mrefu na mshuko mfupi kwa pamoja hupati hapo.

Kordi_Tatu:
Nimezima REVERB, mkia ulibaki, kwa hiyo ni RELEASE kweli. Nimeweka namba zako, sasa kordi zinaingia kwenye nafasi yake na tope limekwisha. Ila ule ulaini umepotea, imekuwa kama ogani. Nikaona nishushe ATTACK hadi sifuri labda itanoga, ikaanza kutoa "tak" kila noti.

Mzee_Filta:
Hiyo "tak" ni wimbi kuanzia katikati bila kupanda, rudisha 0.01 au zaidi. Ulaini utafute kwenye filta: washa FILTER 1, shusha CUTOFF, kisha buruta ENV 2 juu yake na uipe ATTACK ya 0.15. Sauti itaingia kwa wakati ikiwa imefifia, halafu mwanga unafunguka taratibu. Ukitia zaidi ya 0.3 utarudi kule kule: kordi itaisha filta haijafunguka.

Mama_Besi:
Ya SUSTAIN nimeelewa. Lakini kwenye kiitikio cha kordi ndefu mimi naacha ATTACK ndefu, nazivuta noti mbele ya pigo mpaka kilele kikutane na kiki.

Mzee_Filta:
Kwa ndefu inafanya kazi. Mimi naona inaharibu pale unapobadilisha tempo, maana sekunde za ATTACK hazifuati. Bora nakala ya pili ya sauti.

Mama_Besi:
Nakala ya pili kwenye laptop yangu ya RAM 4? Hapana, naendelea kuvuta noti.

Kordi_Tatu:
Filta imekubali, nimeishia ATTACK 0.12 kwenye ENV 2. Kiitikio nitajaribu njia zote mbili leo usiku.