Naomba ushauri: kwa nini hewa haizidi kasi ya sauti mdomoni mwa nozeli?

Habari za jioni, ndugu wanajamvi. Niko katika karakana ya ufundi hapa Mtwara, na nimefunga nozeli inayosinyaa hadi milimita 4 kati ya tangi la kompresa na chemba yenye valvu. Nikilishikilia tangi kwenye baa 4, angahewa ikiwemo, na kushusha presha ya chemba polepole, mtiririko huongezeka hadi chemba inapofika takriban baa 2.1, yaani 0.528 ya presha ya tangi. Baada ya hapo mshale wa geji ya mtiririko hausogei tena, hata nikifungua valvu yote. Kwa hewa ya nyuzi 30, nimepata kwa hesabu kasi ya mita 318 kwa sekunde mdomoni, ambayo ndiyo kasi ya sauti ya pale, kwa kuwa hewa imepoa hadi nyuzi 20 hivi chini ya sifuri. Nimebadilisha geji nikidhani mbovu, matokeo ni yale yale.

Nimeelewa kwamba badiliko la presha husafiri kwa kasi ya sauti, hivyo haliwezi kupanda kinyume cha hewa inayotoka kwa kasi hiyo hiyo. Wengine hueleza kwamba, ukivuka kasi ya sauti, msongamano wa hewa hushuka haraka kuliko kasi inavyopanda, hivyo njia lazima ipanuke, nayo nozeli yangu haipanuki. Je, hizo ni sababu mbili au ni moja? Na nikipandisha tangi hadi baa 6, mtiririko huongezeka: je, ni sahihi kusema kilichoongezeka ni msongamano tu, kasi ikibaki mita 318?