Vibao vya bei mezani: chaki, maka pen ama maka ya rangi? Nisaidieni kuchagua

MezaYaMchele (Tandika)
Habari zenu wakuu. Nina meza ya mchele na maharage, aina nane kwa jumla, na kila gunia lina kibao chake cha bei kimechomekwa juu. Miaka yote natumia kipande cha boksi na maka pen, imekuwa kawaida tu, ila masika haya yamenichosha, boksi likipata manyunyu linalegea kama chapati ya jana na bei inalala chali, halafu mstari wa mbele unapigwa na jua la saa nane mpaka jioni, namba nilizoandika kwa nyekundu zimekuwa pinki, sasa hivi hazionekani kabisa.

Kilichonifanya nije hapa ni mama mmoja wa juzi. Maharage ya njano nimeandika 2700, yeye kasoma 2100, nimeshampimia kilo tatu ndo tunaanza kubishana. Nikaenda nikasimama pale aliposimama yeye, aisee ile 7 yangu hata mimi niliiona 1.

Nawaza kati ya vitu vitatu: ubao mweusi na chaki, au niendelee na boksi ila nizungushie selotepu, au hizi maka za rangi nimeona watu wanaandikia tairi. Bei zangu hazibadiliki kila siku, mchele unaweza kukaa wiki mbili tatu, maharage ndo yanaruka ruka. Mnasemaje?

Kipara_wa_Buguruni
Maka pen ni maka pen tu mkuu usipoteze hela, zote zimeandikwa hazifutiki. Wewe andika kwenye boksi, piga selotepu pana mbele na nyuma, maji hayaingii. Mi nauza vitunguu mwaka wa nne natumia hivyo hivyo, bei ikibadilika nachana boksi jingine, haligharimu kitu.

fundi_brashi
Kipara uko sawa nusu. Kwa vitunguu ambavyo bei inageuka asubuhi na jioni boksi ni sahihi kabisa, hata mimi ningetumia hilo. Lakini selotepu inazuia maji ya mbele na nyuma tu, boksi ni tabaka, lile la katikati lina mawimbi, na pale ulipokata kwa kisu pako wazi. Maji yanaingia kwa pembeni yanapanda ndani kama utambi wa taa, baada ya siku mbili unaona selotepu inafura na wino unatambaa chini yake.

Na selotepu haizuii jua. Wino wa maka pen ni rangi iliyoyeyushwa kwenye spiriti, hakuna chembe, na jua linaila, nyekundu ndo inatangulia. "Haifutiki" maana yake haitoki kwa maji, sio kwamba haipauki. Maka ya rangi ndani yake mna rangi kweli, chembe chembe kama za rangi ya geti, ndo maana ukiitikisa unasikia gololi inagonga, ile gololi kazi yake kukoroga chembe zilizolala chini.

Chaki ni nzuri kwa duka lenye paa. Kwenye meza ya nje manyunyu dakika mbili umebaki na ubao mtupu, tena mteja akipitisha kiganja tu 8 imekuwa 3.

Kwa mezani kwako ningechukua maka ya rangi ya mafuta, ncha bapa. Nyeusi kwenye kibao cheupe, au njano kwenye cheusi. Achana na nyekundu kwenye cheusi, kwa mbali haisomeki hata ikiwa mpya.

Dada_Mabango
Kwani kwa nini usichapishe tu bango moja kubwa la plastiki na picha za mchele na kila kitu? Linapendeza sana, mimi nilichapisha la saluni.

MezaYaMchele (Tandika)
Dada asante ila saluni bei ya kusuka inakaa mwaka mzima, mimi nikichapisha leo, ikifika Ijumaa limeshakuwa la uongo 😅

@fundi_brashi sasa niandikie kwenye nini? Nina mifuniko ya ndoo za rangi kama kumi, nyeupe safi, nilifikiri hiyo hiyo nikate vipande.

fundi_brashi
Usikate hiyo mifuniko. Plastiki ya ndoo ina hali ya utelezi, rangi inakaa juu haishiki, utaandika itakauka utaifurahia, baada ya siku nne ukiikwaruza kwa kucha inabanduka kama ganda. Jaribu moja uone mwenyewe.

Nenda kwa fundi marumaru yeyote umuombe vipande vya marumaru za ukutani, zile nyembamba. Wanavitupa. Upande unaong'aa haunywi maji, haupauki, na rangi ya mafuta inashika vya kutosha kuhimili mvua lakini bei ikibadilika unaitoa kwa wembe ukiulaza. Yaani una kibao cha kudumu chenye bei ya kubadilika, hicho ndo unachotafuta.

Ila maka iwe ya mafuta. Zipo za maji pia, nzuri kwenye mbao na boksi, kwenye marumaru zinatoka kirahisi mno. Utaijua ya mafuta kwa harufu, inanuka kama duka la rangi.

samaki_kongowea
Mimi niko Mombasa nauza samaki, meza yangu saa zote iko majimaji na barafu juu. Nilinunua mbili za hizo maka za rangi, zikakataa kuandika kabisa, zikawa zinateleza tu na ncha zikafa. Nikarudi kwa chaki yangu. Kwa hivyo mimi sioni hii kitu ikisaidia watu wa soko.

fundi_brashi
Uliandikia palepale mezani na kibao kikiwa na unyevu, si ndivyo? Haiwezi kushika. Rangi ya mafuta na maji hawakai pamoja, na mafuta ya samaki ndo mabaya zaidi kwa sababu huyaoni. Andika nyumbani usiku, kibao umeshakipangusa na spiriti kikakauka. Ikishakauka yenyewe imwagie maji utakavyo.

samaki_kongowea
Sawa lakini bei ya samaki changu inabadilika boti zikiingia, usiku mimi nitajuaje? 🤷🏾‍♂️

fundi_brashi
Hapo umenishinda, kaa na chaki yako. Au uwe na vibao vya namba vya kutundika. Kwa mtu wa mchele ndo nasema hivi.

MezaYaMchele (Tandika)
Nimepata vipande sita vya sentimita 20 kwa 30 bure, na maka nyeusi moja ncha bapa nimenunua elfu nne. Sasa namba. Naomba unielekeze kama mtoto, mwandiko wangu ni wa daktari.

fundi_brashi
Tuchukue Kilombero 2800. Kisimamishe kibao wima, sentimita 10 za chini usiandike kitu, hizo ndo zinazama kwenye gunia, rangi isigusane na mchele. Umebaki na 20 kwa 20. Jina weka juu, herufi za sentimita 3 zinatosha, mteja akishavutwa na bei atalisoma jina akiwa karibu. Bei ndo iwe kubwa, sentimita 7 kwenda juu. Mafundi wa mabango tuna kipimo chetu, sentimita mbili na nusu za urefu zinasomeka vizuri kwa mita tatu, lakini huyo ni mtu aliyesimama. Anayepita na kapu anasukumwa sukumwa mpe mara mbili na zaidi.

Upana: acha sentimita moja na nusu kila pembeni, zinabaki 17. Kila namba upana 3 na nusu, kati ya namba na namba acha sentimita moja, zinatosha kamili. Bandika tepu ya karatasi mistari miwili, juu na chini ya pale namba zinapokaa, maana penseli kwenye marumaru haiandiki.

Tikisa maka ikiwa imefungwa mpaka gololi icheze huru. Halafu bonyeza ncha kwenye karatasi ya kutupa, polepole, mpaka rangi ifike. Usibonyezee kwenye kibao, itatema doa hapo hapo.

Kuandika kwenyewe: ncha bapa uishike kwa mlalo mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, kiganja kisizunguke, na kila mstari uvutwe kwenda chini au kwenda kulia. Ukiisukuma kwenda juu inakwaruza na kutema. 0 usiizungushe kama yai, ni mikono miwili: upande wa kushoto toka juu mpaka chini, nyanyua, rudi juu, upande wa kulia. 8 anza na S nyembamba, kisha rudi juu ufunge kwa S iliyogeuka. 2 ni mkunjo toka juu mpaka chini kushoto, nyanyua, halafu mstari wa chini. Mkono uende haraka kidogo, ukienda polepole rangi inajaa na mstari unatetemeka. Fanya mara kumi kwenye gazeti kwanza.

Na ile kesi yako ya 2700: 1 iwe fimbo tupu, isiwe na pua wala kiatu. 7 kofia yake iwe pana kama namba nyingine zote na mguu ulale kuelekea kushoto. Ya kwako naamini kofia ilikuwa fupi na mguu umesimama.

Kipara_wa_Buguruni
7 ukate katikati tu, tulivyofundishwa shule. Hakuna atakayebisha.

fundi_brashi
Ukikata kwa ncha pana namba inajaa, kwa mbali inakuwa kama bunda. Mi sikati.

mwl_Neema
Mimi nakata na nitaendelea kukata. Wazee wengi wanaokuja sokoni ndo wanayoijua hiyo, na mnunuzi ndo anasoma, sio fundi.

MezaYaMchele (Tandika)
Mrejesho baada ya siku tisa. Mvua imepiga mara tatu, vibao vitano viko vilevile. Kimoja namba 6 imebanduka nusu, nakumbuka kile nilipangusa kwa kitambaa cha maji tu na nilikuwa nimetoka kula chipsi, kwa hiyo kosa langu. Kosa la pili: siku ya kwanza niliandikia hapo hapo mezani asubuhi, mteja mmoja kanusa mchele kaniuliza mbona unanuka rangi. Mchele unavuta harufu jamani. Sasa naandika jioni, naviacha dirishani vinalala, asubuhi havinuki.

Maharage yalipanda juzi toka 2700 mpaka 2900, nimekwangua 7 peke yake kwa wembe, nimepangusa na spiriti, nimeandika 9, dakika tano. Ila marumaru ni nzito, gunia likipungua kibao kinaanguka, na kimoja kimeshavunjika. Kuna mtu amejaribu kuchomeka na kijiti nyuma? Na gundi gani inashika marumaru na mti ikiwa na unyevu?

Kipara_wa_Buguruni
Boksi halivunjiki 😂

fundi_brashi
Gundi ya mpira ya mafundi viatu nimeona ikishika, ila kwangu vibao vilikuwa chini ya paa. Kwa mvua sijui, ngoja mwenye uzoefu aje.