Mshumaa ulioachwa ukiwaka: asiransi ilipe?

Muulizaji, Katindo (Goma): Umeme wa SNEL umekatika, mtu kawasha mshumaa, usingizi ukamchukua, nyumba ya mbao ikateketea. Asiransi inasema alijitakia. Ni haki?

Mwenye duka, Kadutu: Ni haki kabisa. Mshumaa umebandikwa juu ya kifuniko cha plastiki, pazia liko karibu! Ana tofauti gani na aliyemwaga esansi? Na mimi mfanyakazi wangu akisahau sufuria ya maharage kwenye mbabula, nalipwa?

Wakili, Ibanda: Tofauti ipo, papa. Wa esansi alitaka nyumba iungue, mwenzake alisinzia. Katika sheria za asiransi za mkondo wa Kifaransa, uzembe wa mteja hulipwa, hata ukiwa mkubwa, isipokuwa mkataba umeutenga waziwazi. Makusudi hayalipwi kamwe, na ni kampuni inayopaswa kuyathibitisha. Kipengele kinachosema tu "mteja asipokuwa mwangalifu" hakina mipaka, mahakamani hakisimami. Kinachosema "jiko lenye moto lisiachwe stoo ya bidhaa bila mtu" kinaweza kukunyima, kwa hiyo soma mkataba wa duka lako. Pasipo kipengele hicho, sufuria ya mfanyakazi inalipwa. Hata akichoma kwa hasira utalipwa, mradi hukumtuma.

Mwenye duka, Kadutu: Basi kila kilichoungua kinalipwa.

Mkaguzi wa hasara, Lubumbashi: Hapana. Mshumaa ukianguka ukaacha doa jeusi mezani bila ndimi za moto kusambaa, mikataba mingi hailiiti doa hilo moto. Pazia likishika, hapo ni moto.

Lakini nionavyo mimi, wengi hawaponzwi na mshumaa, wanaponzwa na woga wa kuutaja. Mtu anaandika kwenye tamko lake kwamba nyaya ziligusana saa mbili usiku. Naenda: majirani wote wanasema mtaa ulikuwa giza tangu saa kumi na mbili. Nyaya hazina umeme, zitagusanaje zikawasha moto? Mbao zimeliwa zaidi juu ya meza, alama inapanda ukutani kama herufi V, na nta imeganda ufani mwa ubao. Pale ilikuwa hasara ya kulipwa, ameigeuza udanganyifu, na mikataba mingi humnyima kila kitu anayedanganya kwa kujua. Angeandika: "Niliwasha mshumaa, nikalala." Aliyechoma kusudi ninamtambua kwingine: moto umeanza pembe mbili zisizoungana, sakafu imeungua kwa michirizi, televisheni na nguo nzuri vimehama siku moja kabla.

Muulizaji, Katindo: Na aliyeuweka kando ya bidoni za esansi, akijua, akaondoka?

Wakili, Ibanda: Hapo mawakili tunagombana. Wengine wanataka ithibitishwe kwamba aliitaka hasara yenyewe. Wengine wanasema inatosha kwamba alijua haikwepeki.

Mwenye duka, Kadutu: Huyo hata mkimpa, mimi sikubali.