Ofa ya mwaka wa kwanza au bei isiyobadilika: ipi nafuu kwa miaka 5?

Kalamu_Nyeusi
Nalinganisha hosti mbili kwa tovuti ndogo. A ni dola 3 kwa mwezi, domeini ya .com bure mwaka wa kwanza. B ni dola 6 kwa mwezi, domeini dola 12 kwa mwaka, haina ofa. A si ndiyo nafuu?

Mzee_wa_Seva
Fungua kikapu cha A kabla ya kulipa, usome maandishi madogo yaliyoandikwa “Renews at”. Na hiyo dola 3, je, ni lazima ulipe miezi 36 kwa mkupuo?

Kalamu_Nyeusi
Ndiyo, miezi 36. Baadaye ni dola 11 kwa mwezi, na domeini dola 20 kwa mwaka.

Mzee_wa_Seva
Basi tupige hesabu. Miaka 3 ya mwanzo A ni 108, ukiongeza domeini 40 inakuwa 148. B kwa muda huohuo ni 252, kwa hiyo A inaongoza kwa mbali. Ila mwaka wa 4 na wa 5 A inakula 152 kila mwaka na B inabaki 84. Mwisho wa miaka 5, A ni 452, B ni 420. Ofa inakufaa kama kweli utahama mwezi wa 36. Wengi hawahami, maana barua pepe na hifadhidata zimeshaota mizizi pale.

Tembo_Mtandaoni
Rahisi tu, hamisha domeini kila mwaka kwa mwenye ofa.

Mzee_wa_Seva
Kuhamisha .com kunaongeza mwaka mmoja juu ya muda uliobaki, kwa hiyo hupotezi kitu. Lakini ofa nyingi ni za usajili mpya, hazigusi uhamisho. Tena ukishasajili au kuhamisha, kwa kawaida domeini inafungwa siku 60. Omba msimbo wa uhamisho mwezi mzima kabla ya muda kuisha.

Bi_Ushanga
Mimi yangu iliisha muda, sasa wananidai ada kubwa kuliko bei ya mwaka. Wameniibia?

Mzee_wa_Seva
Pole dada. Hiyo ni ada ya kukomboa. Msajili akishaifuta .com, inakaa siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kuirudisha kwa ada hiyo. Zikipita, baada ya siku 5 yeyote anaweza kuisajili. Kama jina linakuletea wateja, lipa leo.

Tembo_Mtandaoni
Ndiyo maana mimi nalipia domeini miaka 10 kabisa.

Kalamu_Nyeusi
Miaka 10 kwa tovuti ambayo sijui kama itafika miwili? Naelekea B, ila domeini nitaisajili kwingine, nisifungwe na hosti.

Mzee_wa_Seva
Hapo sawa. Uangalie tu bei ya kuhuisha ya huyo msajili pia.