Vinia au bondingi kwa jino la mbele lililomeguka na meno yenye madoa: naomba ulinganisho

Binti_Mwenge

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba mnisaidie kulinganisha njia mbili kabla sijatoa fedha.

Wiki tano zilizopita bajaji niliyopanda ilifunga breki ghafla pale Morocco, nikagonga mdomo kwenye chuma cha kiti cha dereva, na kona ya jino langu la mbele la juu upande wa kulia ikameguka. Kilichotoka ni kama milimita 2. Jino haliumi wala halichezi, ila kila nikipitisha ulimi nakutana na ncha kali, na nimeanza kufunika mdomo ninapocheka. Juu ya hilo, nimekulia Arumeru, kwa hiyo meno yangu manne ya mbele yana madoa ya kahawia yaliyotokana na maji ya kule.

Kliniki ya kwanza imenishauri niweke vinia za kauri, yaani vifuniko vyembamba vinavyogundishwa mbele ya jino, kwenye meno sita, kila moja shilingi 650,000, jumla 3,900,000, na kwamba kazi hiyo inaweza kuanza wiki ijayo. Kliniki ya pili imesema itajenga ile kona kwa bondingi, yaani kujazia kwa kompoziti ya rangi ya jino, kwa shilingi 150,000, na nikitaka, itafunika madoa ya meno matatu yaliyobaki kwa shilingi 200,000 kila moja, hivyo jumla 750,000. Kadi yangu ya bima imekataa zote mbili kwa kuwa ni urembo. Nataka kujua ipi inadumu, na ipi naweza kuiacha baadaye nikijuta.

Mzee_wa_Tabata

Dada yangu, kama fedha ipo, weka vinia umalize. Mke wangu aliweka nne mwaka 2016 na hadi leo ni nyeupe kama siku ya kwanza, ilhali anakunywa chai ya rangi asubuhi na jioni. Kauri haishiki rangi. Bondingi ni kama rangi ya ukuta, utarudi kupaka kila mara. Faida yake pekee ni kwamba hawachongi chochote, kwa hiyo ukichoka unaibandua na jino lako linabaki lilivyokuwa.

Tabibu_Upanga

Nafanya kazi ya kinywa na meno kwa miaka 19 sasa, na ninaomba nianze na jambo ambalo hakuna kliniki iliyokutajia, au labda walilitaja nawe hukuliandika. Jino lililogongwa wiki tano zilizopita bado halijatoa kauli yake. Mshipa wa ndani unaweza kufa taratibu bila maumivu, na dalili ya kwanza huwa ni jino kubadilika kuwa la kijivu baada ya miezi kadhaa. Je, umepigwa picha ya eksirei ya mzizi? Je, jino limewekewa pamba yenye ubaridi, ukaulizwa kama unasikia, kisha likalinganishwa na jirani yake? Kama bado, usikubali jino hilo lichongwe wiki ijayo. Vinia ya kawaida ina unene wa takribani nusu milimita, na jino likigeuka kijivu chini yake, ukijivu huo utaonekana.

Kuhusu alichosema ndugu wa Tabata, la rangi yuko sahihi. Kauri iliyong'arishwa vizuri haishiki chai wala bizari, na kinachobadilika rangi kwa miaka ni ile gundi ya pembeni, ambayo huonekana kama mstari mwembamba wa kahawia karibu na fizi. Kompoziti, ile plastiki ngumu inayotumika kwenye bondingi, hushika rangi, hasa uso wake usipopolishiwa. La kubandua, hata hivyo, si hivyo. Kwenye kona iliyovunjika tunalainisha ukingo kidogo ili mpaka usionekane, na siku ya kuitoa, kompoziti yenye rangi ya jino hutolewa kwa kinolea, ile mashine ya kuchongea meno, mbele ya enameli, tabaka gumu la nje ya jino, ya rangi ileile, kwa hiyo hata mkono mzoefu huondoa enameli kidogo. Kinachopotea ni kidogo sana ukilinganisha na vinia, lakini kipo, na enameli haioti tena.

Kwa vinia, kwa kawaida tunachonga milimita 0.3 hadi 0.5 upande wa mbele, na zaidi kwenye ncha. Tukibaki ndani ya enameli, gundi inashika kwa nguvu sana, na vinia nyingi za namna hiyo hupita miaka 10, nyingine 15 na zaidi. Tukipita hadi dentini, ile tabaka ya manjano iliyo chini, jino huanza kuwasha kwa maji baridi na gundi hushika kwa udhaifu. Vyovyote vile, jino lililochongwa litahitaji kifuniko maisha yote. Swali la kurudi nyuma, kwa upande wa vinia, limejibiwa siku ya kuchonga.

Salma_Mbagala

Nathibitisha hilo la kuchongwa kupita kiasi kwa yaliyonipata. Niliwekewa vinia sita nikiwa na umri wa miaka 27, kwenye kliniki ambayo sitaitaja. Nilichongwa meno yote kwa kikao kimoja chini ya ganzi, na nilipoomba kioo niliona meno yangu yamekuwa madogo na ya manjano. Sikujua wakati huo kwamba manjano yale ndiyo dentini. Ndani ya mwaka wa kwanza moja ilibanduka nikiwa nakula chapati. Ikarudishwa, ikabanduka tena. Leo nina umri wa miaka 33, mawili kati ya hayo sita yamewekewa kofia kamili, na nimelipa zaidi ya bei ya mwanzo. Sisemi vinia ni mbaya, kwani dada yangu anazo na ziko salama. Nasema uliza watachonga kiasi gani, na uombe uonyeshwe umbo la majaribio likiwa juu ya meno yako kabla kinolea hakijagusa kitu.

Kijana_Temeke

Na mimi nauliza hapo hapo. Jino langu moja la mbele limekuwa jeusi tangu nilipopigwa kiwiko uwanjani miaka mitatu iliyopita. Je, bondingi ya 150,000 itaficha weusi huo?

Tabibu_Upanga

Ndugu wa Temeke, swali lako ni tofauti na la mwenye uzi, ingawa linaonyesha vizuri ninachomwonya. Jino lako kwa maelezo hayo huenda limekufa, kwa hiyo linahitaji eksirei, na ikithibitika, matibabu ya mzizi kwanza. Baada ya hapo linaweza kung'arishwa kutoka ndani, kwa kuweka dawa kupitia tundu lile lile la mzizi, na mara nyingi hatua hiyo peke yake inarudisha rangi kiasi kwamba kifuniko hakihitajiki. Kupaka kompoziti nyembamba juu ya weusi kutakupa jino la kijivu, na kupaka nene kutakupa jino lililotokeza kuliko wenzake.

Nikirudi kwa Binti wa Mwenge, madoa ya floraidi yanaubadilisha ulinganisho huu. Maji ya chini ya ardhi katika maeneo ya volkano ya Arusha na Kilimanjaro yana floraidi inayoweza kuzidi sana kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na enameli iliyokua na maji hayo ina uso mgumu usiolika kirahisi kwa asidi. Bondingi huanza kwa kupaka asidi ya fosforiki kwa sekunde 15 hadi 30, ili kutoboa vishimo ambamo gundi inajishika. Kwenye meno ya Arumeru muda huo mara nyingi hautoshi, kwa hiyo hurefushwa au uso husuguliwa kwanza. Daktari asiyejua hilo atakupa bondingi itakayobanduka mapema, na utadhani kompoziti ndiyo mbovu.

Kwa sababu hiyo mimi ningeshughulikia madoa bila kuyafunika. Yale ya juu juu husuguliwa kwa asidi maalumu na unga laini, kazi inayoondoa sehemu ndogo sana ya milimita, kisha yanayobaki hupunguzwa kwa dawa ya kung'arisha unayovaa nyumbani kwenye trei usiku kwa wiki kadhaa. Hapo sasa kona inajengwa, lakini si siku ileile. Subiri wiki mbili baada ya kung'arisha, kwa sababu dawa huacha oksijeni ndani ya enameli inayozuia gundi kukauka vizuri. Na utaratibu huo haugeuzwi, kwani kompoziti haing'ariki, na ukiijenga kwanza utabaki na kona nyeusi kwenye jino jeupe.

Mhasibu_Kinondoni

Naomba kuuliza kuhusu fedha, kwa kuwa tunalinganisha bei ya siku moja na kitu cha miaka mingi. Daktari, bondingi ya kona inakaa muda gani?

Tabibu_Upanga

Miaka 5 hadi 7 ni makadirio ya haki kwa kona ya jino la mbele, ikiwa meno ya juu na ya chini hayagongani ncha kwa ncha, na ikiwa mwenye jino hafungui chupa wala hatafuni muwa kwa meno hayo. Asagaye meno usiku apunguze makadirio hayo, au avae kikinga, na hilo linahusu vinia pia.

Mhasibu_Kinondoni

Basi kwa jino moja na miaka 18, nikichukua bei za mwenye uzi, bondingi tatu ni 450,000. Nikiweka kupolishi kwa 30,000 katika ile miaka 15 isiyo ya kujenga upya, ni 450,000 nyingine, jumla 900,000. Vinia ya 650,000 ikibadilishwa mara moja ni 1,300,000. Tofauti kwa jino moja si kubwa kama nilivyodhani. Kinachofanya bili ya milioni karibu nne ni idadi ya meno, na matano kati ya hayo sita hayajavunjika.

Mzee_wa_Tabata

Hesabu naikubali, ila mke wangu hajabadilisha hata moja na hajatumia siku ya kazi kurudi kliniki. Muda nao ni fedha.

Tabibu_Upanga

Hoja hiyo ni ya kweli, mzee wangu, na kwa mtu ambaye enameli yake imemeguka vipande vipande kwa floraidi, vinia zinaweza kuwa jibu sahihi hata mwanzoni.

Dada, siku ya bondingi angalia mambo mawili. Rangi ichaguliwe mwanzoni kabisa, jino likiwa na mate yake, kwa sababu jino likikaa wazi dakika chache hukauka na kuwa jeupe kuliko lilivyo, na rangi iliyochaguliwa wakati huo itakusumbua kesho yake. Pili, baada ya asidi jino lisiguswe na mate hata tone. Wengi wetu hutumia karatasi ya mpira iliyotobolewa. Ukiona pamba zimelowa na kazi inaendelea, sema.

Binti_Mwenge

Ahsanteni sana. Leo nimepigwa eksirei, na mzizi hauonyeshi kitu. Kwenye ubaridi, jino la kushoto lilistuka mara moja, la kulia nilisikia kwa mbali tu. Daktari amenipa miezi mitatu tupime tena, na amelainisha ile ncha kali kwa shilingi 20,000. Trei za kung'arisha nitaanza kabla ya hapo au nisubiri?

Tabibu_Upanga

Kusikia kwa mbali baada ya wiki tano si hukumu, mengine hurudi. Kuhusu trei, madaktari tunatofautiana. Mimi ningesubiri kipimo cha pili, kwa sababu dawa yenyewe huleta ubaridi kwenye meno, na hatutajua tunapima dawa au tunapima jino.

Salma_Mbagala

Mimi daktari wangu wa sasa aliniambia nisingoje. Mwulize aliyekupima.