Walinifungua aproni mbele ya jiko zima kwa sababu ya cheti ambacho hawakuwahi kunitajia

Binti Maweni

Ndugu wanabaraza, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, na yeyote atakayeniambia nitulie kwanza namwomba apite uzi mwingine. Hoteli ninayoizungumzia sitaitaja, kwa maana kila mtu wa Malindi anaijua: ni ile ambayo geti lake humfungukia mgeni kabla hajapiga honi, na mfanyakazi huachwa juani mpaka kivuli chake kikimbie.

Alhamisi jioni nilipokea ujumbe wao, nao nawanukulia neno kwa neno: «Hongera sana dada! Umechaguliwa miongoni mwa wengi. Familia yetu ya jikoni inakungoja kwa hamu Jumatatu saa moja asubuhi. Njoo na tabasamu lako. Mambo madogo ya stakabadhi tutayamaliza ukifika.» Mama aliusoma akapiga vigelegele hadi jirani akadhani kuna posa. Ijumaa nikaenda kumuaga mwenye mkahawa niliokuwa nikimpikia, kwa sababu mtu akiambiwa anangojwa na familia, haulizi kama familia hiyo ina masharti.

Jumatatu nikapewa kofia na aproni, nikaanza kumenya vitunguu. Kabla sijamaliza hata karai moja, akaja yule msimamizi akiwa na faili, akauliza mbele ya wapishi wote kama nina cheti cha bwana afya. Nikasema sina, kwa sababu sikuambiwa. Hakuniita pembeni. Alikuja nyuma yangu, akaifungua kamba ya aproni kwa mikono yake mwenyewe, akaivuta na kuikunja, huku mimi nimeshika kisu na kitunguu. Naomba mlielewe hilo: aliifungua yeye, kwa mikono yake, kana kwamba mimi ni mtoto aliyevaa nguo ya mwenzake. Jiko lilinyamaza hata samaki waliomo ndani ya barafu walisikika.

Cheti chenyewe sikikatai, kwa kuwa chakula ni amana. Ninachokilaani ni kwamba lile jambo waliloliita dogo ndilo lililonifunguza aproni.

Upepo wa Kusi

Pole dada, lakini na wewe umepika miaka yote hiyo bila kuulizwa cheti? Ulipoona «njoo na tabasamu lako» ukaacha kazi siku ya pili. Mimi ningeambiwa nije na tabasamu ningeuliza kwanza kama linalipiwa.

Binti Maweni

Cheti nilikuwa nacho, kikaisha muda, na kule mkahawani hakuna aliyekiuliza tena. Wangeniambia Alhamisi, Ijumaa asubuhi ningekuwa kwenye foleni ya maabara. Badala yake nilifunguliwa aproni.

Wakili wa Baraza

Dada, washtaki. Sheria ya Kenya haimruhusu mwajiri kumpima mfanyakazi ugonjwa wowote kabla ya kumwajiri. Huo ni ubaguzi, na waliokutaka upimwe ndio wenye makosa.

Mzee wa Kaunta

Wakili, umeshika nusu ya jambo na nusu nyingine umeiacha. Nimekaa katika ofisi ya uajiri ya hoteli za pwani hii mpaka nikastaafu, na suala hili limepita mikononi mwangu kila msimu. Kinachokatazwa, tena kwa sheria ya mwaka 2006, ni kumlazimisha mtu kupima virusi vya ukimwi kama sharti la kupata kazi. Vilevile Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mwanamke kwa sababu ya ujauzito, kwa hivyo hoteli inayompeleka mpishi kupimwa mimba inajitafutia kesi. Lakini mtu anayeshika chakula cha umma ni lazima apimwe, kwa mujibu wa sheria za afya ya umma na za chakula, na cheti chake hudumu miezi 6 tu, kisha hupimwa upya.

Binti yangu, kosa la hao jamaa lilianzia kwenye ile kalenda yao, kabla ya aproni. Chukulia kwamba wangekutajia cheti Alhamisi ileile jioni. Ijumaa asubuhi ungepeleka choo maabara. Minyoo na amiba huonekana kwa darubini siku hiyohiyo, lakini vijidudu vya homa ya matumbo lazima vioteshwe, na kuotesha huchukua saa 48 hadi 72. Hapo katikati kuna Jumamosi na Jumapili, ambapo bwana afya hayupo ofisini kutia sahihi. Hata maabara ingefanya kazi wikendi nzima, matokeo yangetoka Jumapili au Jumatatu, na cheti ungekipata Jumatatu mchana au Jumanne. Kwa hiyo Jumatatu saa moja asubuhi haikuwezekana hata kwa mtu mwenye mbio za swala. Aliyeandika tarehe ile hakuhesabu.

Upepo wa Kusi

Mzee, mbona hospitali za kichochoroni hupima homa ya matumbo kwa tone la damu ukapewa karatasi kabla chai haijapoa?

Mzee wa Kaunta

Hicho ni kipimo cha damu kinachotafuta kinga, na kinga inaweza kuwa imebaki tangu ulipougua zamani au ulipochanjwa. Mpishi tunayemwogopa ni yule asiye na homa wala maumivu, anayebeba vijidudu tumboni na kuvitoa chooni bila kujijua, na huyo damu yake peke yake haitamfichua. Ndiyo maana choo huoteshwa. Tena kuna jambo ambalo waajiri wengi hulisahau: anayemeza viuavijasumu siku chache kabla ya kupimwa anaweza kuvificha vijidudu, maabara isione kitu. Nimewahi kuwaona vijana wakinunua dawa dukani usiku wa kuamkia kipimo ili «wajisafishe», na hakuna aliyekuwa amewaonya.

Msafiri wa Jedda

Dada Binti, kama unakwenda Uarabuni usihangaike na bwana afya. Vipimo vyao hufanywa kwenye vituo maalumu walivyoviidhinisha wao, na hupigwa picha ya kifua pia. Mimi wakala wangu alinificha hilo mpaka siku ya mwisho.

Binti Maweni

Sendi Uarabuni, ndugu yangu, nilikuwa naenda jikoni, hatua chache tu kutoka baharini, na hatua hizo nilizirudi bila aproni. Mzee wangu, wewe ungeandikaje ujumbe huo? Mimi nilidhani ukarimu na masharti havikai pamoja, na pengine wao pia walidhani hivyo.

Mzee wa Kaunta

Hukaa pamoja vizuri sana. Sisi tulikuwa tukiandika hivi, na hapa nimeweka siku zako:

«Bi Fulani, tumefurahi sana kukuchagua uwe mpishi wetu, wali wako wa majaribio bado unazungumzwa jikoni. Nafasi hii tumekuwekea wewe, kwa sharti moja la kisheria: kabla ya kushika chakula cha wageni tunahitaji cheti cha afya cha mshika chakula kinachotolewa na afisa wa afya ya umma. Tafadhali nenda maabara ya hospitali kesho Ijumaa asubuhi ukiwa na kitambulisho na barua tuliyoambatisha. Gharama tutalipa sisi. Utapimwa choo na kukaguliwa ngozi, kucha na kikohozi. Hutapimwa virusi vya ukimwi wala ujauzito. Usimeze viuavijasumu kwa ajili ya kipimo, na kama tayari unatumia dawa mweleze mhudumu. Sisi tunahitaji cheti tu, majibu yenyewe ni siri yako na daktari. Ikionekana kuna cha kutibiwa, utatibiwa na kupimwa tena, nasi tutakungoja kwa wiki mbili. Tunatarajia uanze Alhamisi saa moja asubuhi. Tunakushauri usiache kazi yako ya sasa mpaka tukuthibitishie kwa maandishi kwamba cheti kimetufikia. Ukikwama popote, nipigie mimi mwenyewe.»

Maneno mawili humo ndiyo yenye uzito. La kwanza ni kutoacha kazi, kwa sababu mtu akishaacha kazi hana pa kurudi. La pili ni kwamba minyoo haimnyimi mtu kazi. Usipomwambia hivyo, ataogopa, naye akiogopa atanunua cheti cha mitaani. Hicho utakigundua ukipeleka namba yake kwa bwana afya akatazama kwenye daftari lake asiione.

Bi Mkunazi

Mzee umeandika vizuri, ila mimi ni mwenye mgahawa mdogo na nina jambo. Hiyo «gharama tutalipa sisi» ni ya hoteli kubwa. Nimewahi kuwalipia vijana watatu, wakapata vyeti, kisha wakaenda navyo kwa jirani yangu, kwa kuwa cheti ni cha mtu, si cha jiko. Sasa kila mtu ajilipie, nami humrudishia pesa zake akimaliza mwezi wa kwanza.

Mzee wa Kaunta

Bi Mkunazi, sikubaliani nawe, maana asiye na kazi ndiye asiye na pesa. Lakini angalau wewe unasema mapema, na hilo nakupa.

Bi Mkunazi

Anayebaki na jiko tupu mwezi wa Desemba ni mimi, mzee, si wewe.

Fundi Chokaa

Nyinyi wa vyakula mna nafuu. Mimi nipo Lamu, nimejenga kwa mawe na chokaa tangu utotoni, na mwaka huu nilichaguliwa kuwa mlinzi wa nyumba ya wageni. Ujumbe ulikuwa mtamu kama wa dada: «lete hati ya tabia njema ukija.» Nikaomba kwenye mtandao, nikalipa, nikachapisha fomu, nikaenda kuchukuliwa alama za vidole. Vidole havikutoka! Chokaa imekula mistari yote. Afisa akaniambia nipake mafuta siku kadhaa, nipumzike na kazi, kisha nirudi. Mwajiri akaniuliza ninaficha nini. Nilijibu sifichi chochote, ni vidole, akanikatia simu.

Upepo wa Kusi

Kaka Fundi, hilo limenigusa hata mimi. Onyesha stakabadhi ya malipo na ile karatasi ya miadi ya kurudi, umwombe akupe muda.

Fundi Chokaa

Nimezituma zote mbili. Amezisoma, hajajibu.

Bi Mkunazi

Na jina je? Mpishi niliyemchagua juzi kitambulisho chake kinasema Mohamed na cheti cha shule kinasema Muhammad, na mhasibu wangu anakataa kumwandikisha kwenye mfuko wa uzeeni mpaka majina yalingane. Kuna aliyewahi kukubaliwa kwa hati ya kiapo ya wakili?

Msafiri wa Jedda

Mimi nilikubaliwa. Ndugu yangu, mwenye tofauti ya herufi moja tu, alikataliwa na hoteli ya pili yake.