Burashi ya sindano, chanuo la chuma au mashine: kipi kwa paka wa Kiajemi?

MamaNuru_Tanga
Habari zenu. Nina paka wa Kiajemi, dume la miaka 3. Kila jioni nampiga burashi ya sindano dakika 10, manyoya yanang'aa. Juzi nimemshika kwapani nikakuta bonge gumu, ukubwa wa kokwa ya tende, na jingine dogo nyuma ya sikio. La kwapani nikiligusa ananguruma. Ninunue chanuo la chuma, kile kifaa chenye visu vya kukatia vifundo, au nimnyoe? Na mbona burashi ya kila siku haikusaidia?

Bakari_Kisauni
Dada, Kiajemi ni kila siku kweli, hapo hujakosea. Muogeshe kwanza, mpake kondishena, kifundo kilainike, halafu ukate na mkasi. Wangu namfanyia hivyo.

BiSalma_Maskati
Bakari mwanangu, umepatia nusu. Kazi yangu ni kutunza manyoya ya paka huku Maskati, na wanaonipa shida ni hao walioogeshwa na vifundo vyao. Kifundo kikilowa kisha kikakauka kinakaza zaidi. Fumua kwanza, maji baadaye.

Na mkasi weka mbali. Ngozi ya paka ni nyembamba na inavutika, kwa hiyo kifundo huinyanyua ikasimama kama hema. Unadhani unakata manyoya, kumbe ni ngozi. Nimeletewa mmoja amechanika ubavuni, akaishia kushonwa na daktari.

Mama Nuru, burashi yako inachana juu tu. Sindano zake ni fupi, na yale manyoya laini ya chini yanapopukutika hubaki humo humo yakasokotana. Ukitaka kujijua, baada ya burashi pitisha chanuo la chuma kuanzia ngozini. Likikwama, hapo hujachana.

Namna ya kuchana ni kama kugawa nywele za kusuka twende kilioni. Yalaze manyoya kwa kiganja mpaka uone mstari wa ngozi, chana safu moja kwa meno mapana, kisha achia safu inayofuata. Malizia kwa meno membamba. Ukiwa na haraka, ruka mgongo, maana haufungi upesi. Usiruke kwapa, nyuma ya masikio, kinena na yale manyoya ya nyuma ya mapaja.

Kile kifaa cha visu sikikatai kwa ubavu wenye vifundo vilegevu. Kwapani hapana.

Juma_Fundi
Wangu ni wa mtaani, manyoya mafupi, anajikuna usiku kucha. Nichukue chanuo lipi?

BiSalma_Maskati
Hao viroboto, babu. Kitana cha meno yaliyobanana, na ukikamata uchafu mweusi uweke kwenye pamba yenye maji: ukitoa wekundu, ni kinyesi chao. Usimpake dawa ya mbwa yenye permetrini, inaua paka. Tumwachie Mama Nuru uzi wake.

MamaNuru_Tanga
Nimejaribu jana. La sikioni limetoka! Nimenyunyiza wanga wa mahindi kidogo, nikabana shina la manyoya kwa vidole ili ngozi isivutwe, nikaanza kwenye ncha kwa jino la pembeni la chanuo. Mara 3 kaondoka, mara 3 nikamwacha. Ila la kwapani jino halipiti kabisa kati yake na ngozi.

BiSalma_Maskati
Basi hilo halifumuliwi tena, litamuumiza bure. Ni mashine, kisu namba 10, kilazwe bapa juu ya ngozi iliyonyooshwa. Kila baada ya muda gusisha kisu kwenye kifundo cha mkono wako, kikiwa cha moto subiri. Kama hujawahi, mpeleke kwa daktari wa mifugo, ampe na dawa ya kumtuliza.

Mwl_Hadija
Mimi ningemnyoa mwili mzima. Joto hili la pwani, sufi yote ile ya nini? Wangu nanyoa mara 2 kwa mwaka na hajawahi kufunga kifundo.

BiSalma_Maskati
Mwalimu, sikubishii kwa paka asiyekubali chanuo, au mzee. Mzee anayeanza kufunga vifundo karibu na kiuno mara nyingi hafiki tena kujiramba: viungo vinamuuma, au amenenepa. Lakini huyu ana miaka 3 na anachanika. Na akinyolewa, jua linaipata ngozi.

Mwl_Hadija
Wangu anashinda ndani. Bado naona mnamtesa.

MamaNuru_Tanga
Daktari amenyoa kwapa leo. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu na yenye unyevu, kapewa dawa ya kupaka. Nimepata chanuo, tunafanya kwapa na mapaja kila jioni, mgongo mara moja moja. Mkia ndio bado hataki hata niutazame. Nani aliwahi kumzoesha dume mkia?